Barua Niliyoisoma Mbele ya Mwenyewe

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana wenzangu wa ofisini wakilisimulia hulipatia jina la heshima. Wao husema "ile changamoto ya mawasiliano." Changamoto gani jamani? Niliandika maneno ya kuliza watu, nikayasoma kanisani kwa kipaza sauti, na mama niliyemwandika alikuwa amekaa benchi la nne kutoka mbele.

Wakati huo nilikuwa afisa mawasiliano wa kituo kidogo cha watoto wenye mtindio wa ubongo, upande wa Usa River, ukishapita Makumira. Nyumbani kwangu ni Daraja Mbili, mjini. Kituo kilifanya mambo mawili. La kwanza ni mazoezi ya viungo, Jumanne na Alhamisi. La pili ni viti. Seremala wetu alichonga kiti cha mbao kwa vipimo vya kila mtoto, chenye magurudumu, pedi za kushikilia kichwa, mikanda ya kifuani na meza ndogo mbele, ili mtoto asiyeweza kujikalisha akae wima, ale bila kupaliwa, atazamane na watu. Fedha za yote hayo zilitoka kwa wafadhili, na wafadhili tuliwapata kwa barua. Barua niliandika mimi.

Na nilikuwa najua kuliza, aisee! Mkurugenzi wetu, mtu wa Kilimanjaro kama mimi, alinifundisha siku ya kwanza kazini. "Binti, msomaji akimaliza ukurasa wa kwanza bila kutafuta leso, umepoteza stempu." Nikacheka, nikaandika kwenye daftari. Nilikuwa na mtoto mdogo na kodi ya nyumba, na sifa za bosi nilizipenda. Basi nikawa fundi wa machozi.

Barua yenyewe ilihusu binti wa miaka saba kutoka mitelemko ya Meru. Bado naikumbuka kwa moyo, ingawa natamani nisingeikumbuka. "Anaishi kwenye kibanda chenye giza. Jana hakula. Hawezi kukaa, hawezi kusema, hana wa kumsikia. Mama yake amekata tamaa. Bila wewe, mtoto huyu hana mtu duniani." Chini yake kulikuwa na picha ya mtoto akiwa chini sakafuni, iliyopigwa kutoka juu, makamasi yakimtoka.

Ngoja niwaambie kila sentensi niliipata wapi, ndipo mtaona jinsi uongo unavyotengenezwa na vipande vya ukweli. Kibanda chenye giza kilikuwa jiko. Nyumba ya kulala ilikuwa hatua kumi kutoka pale, ya matofali, ina bati na mapazia, lakini mpiga picha wetu alisema jikoni kuna "hisia." Jana hakula: mama alituambia mtoto aligoma kula jana yake kwa sababu jino lilikuwa linamtoka. Hawezi kusema ni kweli, ila akisikia ng'ombe analia bandani anacheka mpaka anapaliwa, na hilo sikuliandika. Kuhusu kukata tamaa, sijui niseme nini. Mama yule alikuwa anambeba mtoto wa miaka saba mgongoni, anashuka naye mlima mara mbili kwa wiki kuja mazoezini, kisha anapanda naye. Kwenye fomu yetu ya mahudhurio hakuwa amekosa hata siku moja. Mimi nikaandika amekata tamaa, nikatafuta na kivumishi cha kuongezea.

Barua ilikwenda nje kwa Kiingereza, ikafanya vizuri. Mkurugenzi akafurahi mno, akaona sasa turudi na nyumbani. Akaomba sharika za Meru zitupe Jumapili moja kwa ajili ya sadaka maalumu. Mimi nikaambiwa niitafsiri ile ile, niende nikaisome kwenye matangazo. Nikaondoa jina la mtoto na la kijiji. Nikajiona nimefanya jambo la kitaalamu kabisa.

Usharika tuliopangiwa ulikuwa wa chini, karibu na barabara kuu. Siku tatu kabla wakatupigia simu kwamba Jumapili hiyo wana kipaimara, hawana nafasi, tupande kwenye usharika wa juu. Sikuuliza ni nani anasali huko juu. Nilijua mama yule anatoka mlimani, lakini mlimani ni pakubwa, na kwa kweli sikumfikiria. Nilifikiria nitavaa nini.

Nilisimama mbele baada ya mahubiri. Nikasalimia, nikaanza kusoma kwa sauti yangu ile ya huzuni niliyokuwa nayo kwa kazi hiyo. Nilipofika "Jana hakula" nikainua macho ili neno liwaingie, kama nilivyofundishwa, na nikamwona. Benchi la nne, upande wa akina mama, kitambaa cheupe kichwani, mtoto amemlalia kifuani. Alikuwa ananitazama tu. Na watu walikuwa wameanza kugeuka kumtazama yeye, kwanza benchi lake, halafu la nyuma yake, maana kanisa zima lilikuwa na mtoto mmoja tu anayebebwa hivyo. Jina la nini?

Ningeweza kuacha. Ningesema karatasi imepotea, ningejifanya nimepaliwa, ningeanguka chini. Sikuacha. Niliisoma mpaka "hana mtu duniani," mbele ya mjomba wake, mbele ya mama wenzake wa kwaya, mbele ya watu waliombatiza. Leo hii nikikumbuka nasikia joto masikioni.

Lakini la kanisani lilikuwa dogo. La nje ndilo lililoharibu.

Kama hujasali huku kwetu, desturi ni hii. Wasio na fedha taslimu, na hata walio nazo, huleta sadaka ya vitu: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, muwa, maziwa, kuku. Ibada ikiisha watu wanakusanyika uwanjani na mzee wa kanisa ananadi. Ni raha kweli. Watu wanataniana, wanapandishiana bei kwa ushindani, kicheko kila upande. Anayeshinda anaweza kubeba kitu chake nyumbani, au akasema, "Mpelekeeni mchungaji," au, "Mpeni mgeni wetu." Na kila mtu anajua mkungu huu ni wa nani, ingawa hatajwi. Ukipanda bei, mwenyewe anasimama pale anajifanya hasikii, huku moyo umejaa.

Yule mama alileta mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika, mkubwa, umejaa, ndizi zimeshikana. Nilikuja kujua baadaye kwamba ndizi zake zilikuwa na sifa usharika mzima. Mzee akaunyanyua kwa shida, watu wakaanza kutaja. Bwana mmoja mwenye duka akapandisha haraka kuliko kawaida, wenzake wakamwachia. Halafu akasema kwa sauti ya upole, na nina hakika alidhani anafanya jambo jema, "Mrudishieni mama mwenyewe akawapikie watoto. Tumesikia hali."

Watu wakapiga makofi. Wapo waliofuta macho. Mzee akaubeba ule mkungu, akaenda kuuweka miguuni pa mama. Yeye aliutazama kidogo, akamkaza mtoto mgongoni kwa kanga, akaondoka na kuuacha mkungu pale kwenye nyasi. Nami nilikuwa nimesimama na bahasha yangu ya sadaka maalumu, nzito kuliko tulivyotegemea.

Jumanne hakuja mazoezini. Alhamisi hakuja. Jumanne iliyofuata hakuja.

Dada wa mazoezi, yaani mtaalamu wetu wa tiba ya viungo, alinifuata mezani kwangu. Ni binti wa Kimeru, mpole mpaka akasirike. Akaniwekea faili la mtoto juu ya kompyuta yangu. "Huyu alikuwa ameanza kukishika kichwa chake mwenyewe. Nimemfanyia kazi miezi. Akikaa nyumbani bila kunyooshwa, misuli inakaza, nyonga zinavutika. Na kiti chake kimeisha, kiko karakana, kinangoja yeye aje nikirekebishe mikanda akiwa amekaa. Siwezi kuifungia hewa mikanda. Wewe ndiye uliyemfukuza, wewe ndiye utakayemrudisha."

Nilitaka kubisha. Nikasema mimi nimetumwa tu, nimeagizwa. Akanitazama mpaka nikalichukua faili.

Tulipanda naye siku iliyofuata, gari mpaka lilipogoma kwenye tope, kisha miguu. Tulimkuta mama akichuma kahawa chini ya migomba, mtoto amelala kwenye mkeka karibu naye. Nikasema shikamoo. Akajibu, "Marahaba," bila kugeuka, akaendelea kuchuma. Mtu akikujibu shikamoo yako hivyo, bora angekutukana.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Wa nini? Ulisoma karatasi yako."

"Karatasi ilikosea."

Hapo ndipo alipogeuka. "Haikukosea. Karatasi haina mikono. Uliingia kwangu nikakupa chai. Nilikupa na ndizi za kuchoma ukaenda nazo mjini. Halafu ukasimama mbele ya watu ukasema sina kitu. Nimepeleka mkungu pale kila nilipojaliwa tangu nilipoolewa. Mimi natoa. Sasa nikitoa, wananirudishia." Akatupa kahawa kwenye kikapu. "Mwanangu hajalala njaa hata siku moja. Hata siku moja!"

Dada wa mazoezi akamwambia kwa Kimeru jambo ambalo sikulielewa, akionyesha mtoto. Mama akajibu kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie. "Najua anakaza. Mimi ndiye ninayemwogesha. Lakini hapo kwenu sishuki, nipite mbele za watu wananionea huruma, wakati karatasi hiyo bado inatembea. Ifuteni kwanza."

"Ila mama," nikasema, na Mungu anisamehe, "uliweka sahihi kwenye fomu ya ruhusa."

"Ipi? Siku ya kwanza mlinipa karatasi tano. Mlisema weka hapa, weka hapa. Nilidhani nisipoweka mtoto hapati mazoezi."

Zile fomu zilikuwa za Kiingereza. Nilizichapa mimi.

Nilishuka nikiwa na hasira ya kutosha kupasua ukuta, na bahati mbaya ukuta wenyewe ulikuwa mkurugenzi. Nilimweleza yote. Akanisikiliza huku akikoroga chai. Kisha akasema barua hiyo hiyo inapelekwa tena kwa wafadhili mwisho wa wiki ijayo, wachapaji wa kule nje wanaingoja, na hawezi kuvuruga kitu kinachofanya kazi kwa sababu ya mtu mmoja aliyekwazika.

"Mtu mmoja ndiye barua yote," nikasema.

"Alisaini."

"Alisaini asichokijua."

"Binti, viti kumi na viwili vinasubiri mbao. Unataka niwaandikie nini wale wazungu? Kwamba watoto wako salama, wanakula mshare, asanteni kwaherini?"

Na hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwa sababu upande mmoja alikuwa na haki. Shida ilikuwepo. Watoto walikuwa wanalazwa chini sakafuni kwa kukosa kiti. Barua isiyosema hivyo nayo ingekuwa uongo. Nilibaki nimekaa nimekunja mikono kama mtoto aliyenyimwa, mpaka dada wa mazoezi alipoingia bila kubisha hodi akasema yeye barua hiyo ikienda tena, atapanda mlimani kumwambia mama mwenyewe, na kila mzazi mwingine. Mkurugenzi akaweka kijiko chini. Akanipa mpaka Ijumaa. "Lakini ikija imepoa kama kumbukumbu za mkutano, inakwenda ile ya zamani."

Jaribio langu la kwanza lilikuwa limepoa kama kumbukumbu za mkutano. La pili, nikakimbilia upande wa pili. Nikaandika kwamba mama ni shujaa, simba jike, na kwamba binti yake mwenye tabasamu la jua atakimbia siku moja kwenye mashamba ya Meru. Nililipenda, nikalia kidogo mwenyewe, na hiyo ingepaswa kunishtua.

Nikapanda nalo. Safari hii nilimwambia mama kila kitu kabla ya kufungua bahasha: barua inakwenda wapi, nani ataisoma, itakaa muda gani, picha zitaonekana wapi. Na kwamba akikataa, leo au mwakani, mazoezi na kiti viko pale pale. Hapo aliniuliza mara mbili. "Hata nikikataa?" Hata ukikataa, mama. Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole, na dada wa mazoezi akarudia kwa Kimeru yale aliyotaka kuyasikia tena.

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anamenya ndizi. Kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi si simba. Nabeba mtoto wangu. Wewe wako ungemwacha?" Akatupa ganda kwenye ndoo ya ng'ombe. "Na hili la kukimbia nani alisema? Huyu dada wa mazoezi hajawahi kuniambia atakimbia. Kuna mtu ataleta fedha yake ili akimbie, halafu asipokimbia aseme tulimdanganya. Toa hilo."

Nikalitoa. Ilikuwa inaniuma, wacha nisiseme uongo. Nikamwuliza yeye angesemaje. Akacheka kwa mara ya kwanza, cheko la kunisanifu. "Si wewe ndiye msomi?" Lakini akasema. Na mimi nikaandika vile vile alivyosema, bila kutia chumvi, na kila nilipotaka kutia chumvi niliukalia mkono wangu.

Alisema mtoto wake anapenda ng'ombe, uji wa maziwa, na kwaya ikiimba kwa nguvu. Kwamba hawezi kukaa mwenyewe, kwa hiyo mama anamlisha amempakata, na mkono unaomshika hauwezi kufanya kazi nyingine. Kwamba mtoto sasa ni mzito na mgongo unauma, na mvua ikinyesha njia ile haipitiki. Kwamba tangu waanze mazoezi anakishika kichwa, na ameanza kugeuka akiitwa. Kwamba kwenye kiti angekula akiwa wima, angekaa jikoni na wenzake wakati wa kupika, angekaa kanisani si mgongoni. "Andika kwamba kuna watoto wengine wanangoja viti," akasema. "Mimi nawajua wawili hapo ng'ambo ya mto. Andika kiti kinatengenezwaje. Mtu akinunua kitu si anataka kujua ni kitu gani?"

Alichagua na picha. Siku hiyo alikataa, akasema turudi kesho, mtoto awe amesukwa. Kesho yake mpiga picha wetu alipiga magoti kwenye nyasi mpaka suruali ikachafuka, ili awe sawa na macho ya mtoto. Mama alikuwa amekaa naye kwenye benchi la nje, nyuma yao nyumba ya matofali na mapazia yake.

Alhamisi jioni nikampa mkurugenzi barua kwa Kiswahili, tafsiri ingefuata. Ijumaa asubuhi nikaikuta mezani, na kwa kweli hakuwa amegusa sehemu kubwa. Ila chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameongeza: "Bila wewe, mama huyu na mtoto wake hawana tumaini lolote."

Loo! Nilisikia damu inapanda. Wiki nzima ya tope, na mtu anaimaliza kwa mstari mmoja wa kalamu. Nilikwenda ofisini kwake nikiwa nimejipanga kuacha kazi. Nakumbuka hata nilikuwa nimeshika mkoba, kama mtu anayeondoka kweli.

Ila mlangoni nikamkuta mama. Alikuwa ameshuka mlima, mtoto mgongoni, jasho linamtiririka. Hakuwa amekuja mazoezini. Alisema amekuja kusikia karatasi kabla haijaondoka, maana mara ya kwanza aliisikia imeshaondoka. Mkurugenzi akasimama, akampa kiti, akaagiza chai. Ni mtu wa adabu, sikatai.

"Mkurugenzi," nikasema, "msomee."

"Wewe ndiye mwandishi."

"Mimi nimeshasoma mara moja kanisani. Leo soma wewe."

Akavaa miwani. Akasoma vizuri, ana sauti nzuri, alikuwa mwimbaji zamani. Akasoma ng'ombe, uji, mgongo, njia ya mvua. Mtoto akageuka kumtazama, na dada wa mazoezi aliyekuwa mlangoni akaniminya mkono. Akasoma kuhusu viti na namna seremala anavyopima, na nini mchango wa mtu utafanya. Kisha akafika kwenye wino mwekundu. Nikaona midomo inajiandaa kusema "bila." Akamtazama mama, aliyekuwa ameshika kikombe cha chai na kumtazama usoni. Akakohoa. Akasoma "Wako katika huduma" na jina lake.

"Umeruka mstari," nikasema.

Alichukua kalamu ile ile nyekundu, akaukata mstari mara mbili, akatia sahihi. Hakusema samahani, wala hajawahi kusema hadi leo, na jambo hilo bado linanikera. Mama akaomba asomewe tena fomu mpya ya ruhusa, ya Kiswahili, neno kwa neno. Akaweka sahihi yake. Kisha akamgeukia dada wa mazoezi akamwambia, "Haya, twende tukaone hicho kiti, maana nimeshashuka."

Sitaki mtu adhani yote yaliisha vizuri. Barua mpya ilileta fedha, si kwa kishindo, mbao zikanunuliwa. Lakini ile ya zamani ilibaki miezi kwenye ukurasa wa mtandao wa wale wenzetu wa nje wanaotuchangishia fedha, na ile picha ya makamasi. Nilikuwa nawaandikia kila wiki waitoe. Wananijibu kwa upole kwamba wanalishughulikia. Nilikuwa nafungua kompyuta kila Jumatatu asubuhi pale ofisini, mtoto yule ananitazama kutoka sakafuni, na nilikuwa naipiga meza kofi kama kwamba ndiyo yenye kosa. Mpaka siku moja haikuwepo. Hawakusema hata neno.

Kabla ya hapo lakini kulikuwa na Jumapili nyingine. Niliomba mwenyewe kurudi kwenye usharika wa juu. Niliwaambia waumini kwamba barua niliyowasomea haikuwa ya kweli, na nikataja mahali ilipodanganya, moja baada ya moja. Halafu nikasoma mpya. Mtoto alikuwa mwisho wa benchi la nne, kwenye kiti chake, mikanda imefungwa vizuri, anaangalia kwaya. Mama alikuwa anatazama mbele tu, kama haimhusu.

Uwanjani, mkungu wake ulinadiwa wa tatu. Nilishika mdomo wangu. Nilitaka kupandisha, nilitaka sana, nikajua nikifanya hivyo nitakuwa narudia yale yale kwa mlango mwingine. Waliushindania bibi mmoja na kijana mwenye pikipiki, kwa kelele na matani. Kijana akashinda, akaufunga mkungu nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaondoka nao kwake. Mama alijifanya hasikii.

Kisha ikaja trei yangu ya mayai, niliyoleta kutoka mjini. Mzee alipoinyanyua tu, mama akataja bei. Mwingine akapandisha, mama akapandisha tena, mpaka wakamwachia. Mzee akamwuliza apelekewe nani.

"Mrudishieni mwenyewe," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye geti. "Akapike. Tumesikia mjini hali ni ngumu."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Yule bwana wa duka akacheka kidogo tu, akaangalia viatu vyake. Mzee wa kanisa akaja kuniwekea trei mikononi, na watu wakapiga makofi, na mimi nikasimama pale katikati yao, uso unawaka, sijui niangalie wapi. Nikamtafuta mama. Alikuwa amekwisha geuka, anasukuma kiti kuelekea barabarani.